Nikikimbia mita 600 pumzi inakata: je, kilomita tano nitaziweza?

Washauri wapendwa, salaam. Mimi ni dereva wa basi, miaka 47, kilo 94. Naendesha Tabora–Mwanza: leo naenda, kesho narudi, keshokutwa niko nyumbani, kisha tunaanza upya. Mwezi uliopita presha yangu ilisoma 154/96. Daktari akanianzishia amlodipini ya miligramu 5, mara moja kwa siku, akaniambia nipunguze kukaa na niushughulishe mwili zaidi. Sukari ilikuwa sawa. Mwanangu wa kidato cha pili huwa anakimbia kilomita tano, akasema, "Baba, twende." Nilimfuata kama mita 600, dakika tatu tu, pumzi ikakata na kifua kikawaka. Mifupa ya mbele ya miguu, chini ya magoti, iliniuma siku nne, nikawa nakanyaga klachi kwa kujikaza. Nisaidieni: kilomita tano ni za kwangu au niishie kutembea? Na kama ni za kwangu, nizifikie vipi kwa ratiba hii?
— Dereva, Tabora

Ndugu dereva, ni za kwako. Ukianza mwanzoni mwa Juni, katikati ya Agosti utakuwa umezikimbia, kabla joto la Septemba na Oktoba halijaikamata Tabora. Lakini kabla ya kukimbia hatua moja, rudi kwa daktari wako na neno moja ulilotuandikia: kifua kikawaka. Mtu akikimbia kupita uwezo wake koo na kifua huwaka kwa sababu anavuta hewa kwa nguvu mdomoni, na hali hiyo huisha dakika chache baada ya kusimama. Inawezekana ndiyo iliyokupata. Ila mwanaume wa miaka 47 mwenye presha hatakiwi kujiamulia hilo mwenyewe. Mweleze daktari kilianza lini, kiliisha baada ya dakika ngapi, na kama kulikuwa na kubanwa, uzito, au maumivu yaliyokwenda kwenye mkono, shingo au taya. Muulize kama unahitaji kipimo cha umeme wa moyo. Mwambie pia kwamba lengo lako ni kukimbia kilomita tano, maana ushauri wa kutembea na ushauri wa kukimbia si kitu kimoja.

Siku hiyohiyo pimwa presha upya, na upimwe vizuri. Usipimwe ukiwa umetoka tu kuteremka kwenye usukani. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na uwe hujanywa kahawa wala kinywaji cha kuongeza nguvu kwa nusu saa. Siku yoyote utakayosoma 180/110 au zaidi, hakuna kukimbia. Ni siku ya kumwona daktari. Dawa usiiache kwa sababu umeanza mazoezi. Mazoezi ya mara kwa mara huweza kushusha namba ya juu kwa pointi 5 hadi 8 hivi kwa mwenye presha, na hilo ni jambo kubwa, lakini kupunguza au kusimamisha kidonge ni uamuzi wa daktari baada ya kuona vipimo vya wiki kadhaa.

Sasa turudi kwenye zile mita 600, kwa sababu jibu la swali lako limelala pale. Mita 600 kwa dakika tatu ni kilomita moja kwa dakika tano. Mtu anayeweza kushika mwendo huo hadi mwisho humaliza kilomita tano kwa dakika 25, na huyo ni mtu aliyezoea kukimbia. Wewe hukushindwa kukimbia kilomita tano. Ulikimbia kwa kasi ya mwanao, na mwili ukakataa pale ulipotakiwa kukataa. Mwendo wako wa sasa ni kilomita moja kwa dakika nane na nusu hivi. Ni mwendo wa polepole kiasi kwamba mtu anayetembea kwa haraka anaweza kukaribia kwenda nawe sambamba. Madereva wengi wanaoanza huona haya kukimbia hivyo mbele za watu, wanaongeza kasi, na ndipo wanapoharibu kila kitu.

Kipimo cha mwendo sahihi hakihitaji saa ya bei. Ukiwa unakimbia, sema kwa sauti yako ya kawaida: "Abiria, tumefika Nzega, dakika kumi za kuchimba dawa, gari haitamsubiri mtu." Ukiimaliza sentensi hiyo bila kuvuta pumzi katikati, mwendo ni mzuri. Ukilazimika kuikata mara moja, umefika mpakani. Ukiikata mara mbili, punguza hapohapo, usisubiri mpaka uchoke. Kuhesabu mapigo ya moyo kwa vidole huku unakimbia kunampotosha anayeanza, na kuna dawa nyingine za presha zinazoyapunguza mapigo, hivyo sentensi inabaki kipimo cha kuaminika hata daktari akija kukubadilishia dawa.

Mifupa ya mbele ya miguu nayo ilikuwa na sababu zake. Moyo na mapafu hujifunza haraka. Ndani ya wiki tatu au nne utaona pumzi imeanza kukaa sawa. Mifupa, kano na mishipa migumu ya mguu huchukua miezi. Kwa hiyo kuna kipindi cha hatari, karibu wiki ya nne hadi ya nane, ambapo pumzi inasema "twende" na muundi bado haujawa tayari. Wengi huumia hapo, si siku ya kwanza. Jambo la pili ni hatua ndefu. Mtu anayemfukuza kijana hurusha mguu mbele, kisigino kinatua mbali na mwili, na kila kishindo kinapanda kwenye muundi. Kwa kilo 94 hivyo ni vishindo vizito. La tatu ni kiti chenyewe. Saa sita za kukaa hukaza misuli ya mbele ya nyonga na kuyalegeza makalio. Ukianza kukimbia mwili unainamia mbele kuanzia kiunoni na kazi ya makalio inahamia kwenye vigimbi na miundi.

Dawa ya hatua ndefu ni kuhesabu. Weka saa ya simu kwa nusu dakika, hesabu mguu wa kulia unagusa chini mara ngapi. Ukipata 35 au chini, hatua zako ni ndefu mno. Tafuta 40. Usiongeze kasi ili kuifikia. Fupisha hatua, mguu utue karibu chini ya mwili wako, goti likiwa limekunjika kidogo. Sikiliza pia sauti. Hatua nzuri haisikiki sana, ukisikia "pa! pa! pa!" ujue muundi unalipa.

Ratiba yako, ambayo umeiandika kana kwamba ni kikwazo, kwa kweli inakusaidia. Siku moja ya kukimbia kati ya tatu inaipa mifupa siku mbili nzima za kujijenga. Basi usihesabu kwa wiki, hesabu kwa mzunguko: kwenda Mwanza, kurudi Tabora, nyumbani. Unakimbia siku ya nyumbani tu. Siku ya kwenda, ukishafika Mwanza na kupumzika, tembea dakika 20 hadi 30. Kule kuna vilima, panda taratibu na usijaribu kukimbia. Siku ya kurudi usipange chochote zaidi ya kuteremka kwenye basi kila mnaposimama na kulizunguka mara tatu kabla ya kuketi kibandani.

Usikimbie kamwe alfajiri ya siku ya safari. Usingizi unaokatwa ili upate nusu saa ya mbio utaudaiwa barabarani, huku una abiria nyuma yako. Hata siku ya nyumbani, kama basi liliharibika njiani mkafika usiku wa manane na umelala chini ya saa sita, tembea siku hiyo, mbio ziache.

Mizunguko minne ya kwanza, siku ya nyumbani ni kutembea haraka dakika 30, haraka ya mtu anayewahi gari. Ni siku 12 zitakazokuonyesha viatu vinabana wapi na muundi unasemaje. Mizunguko minne inayofuata, tembea dakika tano, kisha kimbia dakika moja na utembee mbili, mara nane, na umalizie kwa kutembea dakika tano. Baada ya hapo ni mbili kwa mbili, mara sita. Kisha tatu za kukimbia na moja ya kutembea, mara sita. Kisha tano kwa moja, mara tano. Mwisho nane kwa moja, mara nne. Kila hatua ina mizunguko minne, na kila siku ya kukimbia ina dakika tano za kutembea mwanzoni na mwishoni. Mizunguko 24 jumla, siku 72.

Unaona kwamba hata mwisho kabisa hatukuondolei dakika ya kutembea. Kutembea huko si adhabu ya aliyechoka. Unatembea kabla hujachoka, saa ikifika, hata kama unajisikia mzima. Dakika hiyo inashusha pumzi, na muundi unapata nafasi ya kupumua kidogo kabla ya vishindo vingine mia kadhaa. Anayesubiri mpaka achoke ndipo atembee hukuta dakika moja haimtoshi, anahitaji tano, na safari ya siku hiyo imeisha. Na hesabu yake inapendeza: dakika nane za kukimbia kwa mwendo wako ni mita 940 hivi, dakika moja ya kutembea ni kama mita 90. Jumla ni kilomita moja na kidogo. Kwa hiyo kilomita tano zako ni karibu tano za hizo, dakika 43 au 44.

Ukikosa siku moja ya nyumbani kwa sababu ya gereji au msiba, endelea pale ulipoishia. Ukikosa tatu mfululizo, rudi hatua moja nyuma. Usiunganishe siku mbili ili kufidia.

Kuna zoezi moja tungependa ulifanye hata kama mengine utayaacha, nalo linafanyika kwenye ngazi ya basi lako. Basi likiwa limezimwa na breki ya mkono imevutwa, simama kwenye ngazi ya chini ya mlango, shika bomba la kupandia, weka sehemu ya mbele ya miguu yote miwili kwenye ukingo, visigino vikining'inia. Panda juu kwa vidole, kaa sekunde moja, halafu shuka ukihesabu moja, mbili, tatu, mpaka visigino viwe chini kidogo ya ukingo. Mara 15, pumzika dakika moja, rudia mpaka ziwe seti tatu. Kushuka polepole ndiko kunakojenga kigimbi na kano ya kisigino. Ukishuka kwa kujiachia, umefanya nusu ya kazi. Fanya kila siku ya nyumbani na siku ya kufika Mwanza. Baada ya mwezi jaribu mguu mmojammoja. Ukiweza mara 15 kila mguu bila kuyumba, miguu yako iko tayari kwa dakika nane mfululizo. Ukikuta wa kushoto, wa klachi, una nguvu tofauti na wa kulia unaokaa kwenye mafuta, usishangae. Ongeza seti moja kwa ule dhaifu.

Kwa nyonga, piga goti moja chini, mguu mwingine mbele, kaza kalio la upande wa goti lililo chini na usogeze nyonga mbele mpaka uhisi kuvutwa juu ya paja. Nusu dakika kila upande, mara mbili, kabla ya kulala.

Viatu vya mitumba vinafaa, mradi ujue kuchagua. Bonyeza soli ya katikati kwa dole gumba ubavuni: ikizama kidogo na kurudi bado ina uhai, ikiwa ngumu kama mbao au ina mikunjo iliyobaki, imekufa hata kama juu panang'aa. Kikunje kiatu: kipinde pale vidole vinapopinda, si katikati ya wayo. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma. Kama kisigino kimeliwa upande mmoja na kiatu kimeegama, kiache. Na kiwe na upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu, ukiwa umesimama, jioni, miguu ikiwa imeshavimba kwa safari.

Mahali pa kukimbia, epuka mchanga. Njia nyingi za mitaani Tabora zina mchanga laini; kisigino kinazama kila hatua na kigimbi kinafanya kazi mara mbili. Barabara ya udongo ulioshindiliwa ni bora zaidi, kisha lami. Kwenye lami kaa upande ambao magari yanakuja mbele yako, na kumbuka ukingo wa barabara umeinama ili maji yateremke: mguu mmoja unakuwa chini kuliko mwingine njia nzima. Mahali pasipo na magari, rudi sehemu iliyo sawa. Kama kuna barabara yenye miembe karibu nawe, hiyo ndiyo yako, kwa kivuli chake.

Muda ni saa 1 asubuhi. Tabora iko mbali magharibi, na mwezi wa Juni na Julai saa 12 asubuhi bado ni giza. Jua linachomoza karibu na saa 1. Subiri uone unapokanyaga. Wewe mwenyewe unajua mtu wa nguo nyeusi anavyoonekana alfajiri kutoka kwenye kiti cha dereva.

Kuhusu maji tuseme waziwazi: madereva wengi hawanywi maji safarini ili wasisimamishe gari. Ukifika nyumbani jioni ya pili mwili umekauka, na kesho yake ukikimbia utaumwa kichwa na moyo utadunda kuliko inavyostahili kwa kazi ndogo. Siku ya kurudi anza kunywa kidogokidogo mkishakaribia Tabora, na jioni endelea mpaka mkojo uwe wa rangi ya majani makavu, si ya chai ya rangi. Asubuhi kunywa bilauri moja, kula ndizi moja au kipande cha kiazi kitamu, subiri dakika 30. Vinywaji vya kuongeza nguvu achana navyo kabla ya mbio. Kafeini iliyomo huipandisha presha, na wewe uko kwenye matibabu ya kuishusha.

Maumivu sasa, maana yatakuja, na lazima ujue lipi ni lipi. Ukiumwa muundi, kaa, pitisha dole gumba kwenye ukingo wa ndani wa mfupa kutoka chini ya goti hadi kifundo. Yakiwa yametapakaa urefu wa kiganja au zaidi, na yanapungua mwili ukipata moto, rudi hatua moja kwenye mpango na uendelee na zoezi la ngazi. Lakini ukipata nukta moja, unaweza kuigusa kwa ncha ya kidole na unaruka kwa maumivu, au inauma usiku ukiwa umelala, acha kukimbia kabisa na uende hospitali; huenda mfupa umeanza kupata ufa, na ufa hautibiwi kwa kujikaza.

Kuna la pili linalowahusu madereva kuliko wakimbiaji wengine. Kukaa saa nyingi miguu ikining'inia hurahisisha damu kuganda kwenye mishipa ya kigimbi. Amlodipini pia inaweza kuvimbisha vifundo, lakini huvimbisha miguu yote miwili, hasa jioni, na asubuhi inakuwa imepungua. Mwambie daktari, si dharura. Mguu mmoja tu ukivimba, ukawa wa moto na kigimbi kikauma hata ukiwa umekaa, usiuite msuli wala usiukande. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Na ukiambatana na kukosa pumzi ghafla au maumivu ya kifua unapovuta hewa, usisubiri hata saa moja.

Kubanwa kifua, kizunguzungu, au moyo kupiga ovyoovyo ukiwa unakimbia: simama, kaa, mwite mtu, nenda hospitali. Usitembee peke yako kurudi nyumbani.

Tuseme umefika mzunguko wa 25. Siku moja kabla hujaanza safari ya Mwanza, mpe boda elfu chache akupeleke kwenye njia utakayokimbia, uitazame namba ya mwisho kwenye mita yake. Ile huonyesha mita mia mia. Namba zikisogea mara 25 kutoka mlangoni kwako, hapo ni kilomita mbili na nusu; tia alama kwa jiwe au chagua mti. Utakimbia mpaka pale na kurudi.

Mwanao mwambie asubuhi hiyo yeye ndiye anakufuata. Akae nyuma yako hatua mbili, ashike saa, aseme "tembea" na "kimbia". Hilo ni muhimu kwa sababu moja: akiwa mbele, utaongeza kasi bila kujua.

Tembea dakika tano kwanza. Zile nane za mwanzo zitakuwa rahisi mno, utahisi unapoteza muda, na miguu itataka kwenda. Usiiruhusu. Sema ile sentensi ya Nzega. Kama unaweza kuongeza na "jamani msisahau mizigo" juu yake, ndiyo kasi ya kilomita ya kwanza. Mwanao akisema "tembea", tembea, hata kama unasikia huhitaji. Ya pili itafanana na ya kwanza. Karibu na jiwe lako unageuka, na hapo wengi huona nyumbani na kuongeza mwendo. Hesabu mguu wa kulia kwa nusu dakika: 40. Ukipata 36, uchovu umeanza kukurefushia hatua, zifupishe.

Kilomita ya nne ndiyo nzito. Mwisho wake ndipo mazoezi yako yanapokomea. Mwanzoni mwake utakuwa umeshamaliza karibu dakika 26, na mazoezi yako yote yaliishia dakika 36. Sentensi itakatika mara moja. Hilo linaruhusiwa hapa, lakini likikatika mara mbili, badilisha utaratibu: kimbia nne, tembea moja, mpaka mwisho. Bado ni kilomita tano, na hutaongeza hata dakika mbili. Legeza mabega, fungua ngumi. Mtu aliyechoka hushika usukani usiokuwepo.

Ya tano usiifanye mashindano. Mwanao atataka kukimbia mita mia za mwisho kwa nguvu; mwache aende mwenyewe. Kwako, msuli wa nyuma ya paja uliochoka ukilazimishwa ghafla unaweza kuchanika, na kesho una safari.

Ukifika mlangoni, usisimame na usikae. Dawa yako imefungua mishipa ya damu, mbio nazo zimeifungua zaidi, na ukisimama ghafla damu inabaki miguuni, kichwa kinapungukiwa, unaona nyota. Tembea dakika kumi uani au mtaani mpaka pumzi irudi. Kisha maji bilauri mbili, taratibu, na chai na chochote mama watoto alichoandaa.

Kesho yake asubuhi ni ya kwenda Mwanza. Uchungu wa misuli baada ya mbio za kwanza huanza siku inayofuata na mara nyingi hukolea siku ya pili, yaani siku yako ya kurudi. Kwa hiyo asubuhi zote mbili, kabla abiria hawajapanda, kaa kwenye kiti, basi likiwa limezimwa, ukanyage klachi mpaka chini mara kumi, kisha breki kwa nguvu mara kumi, kama ya dharura. Ukiweza kwa haraka bila kusita, ondoka. Ukihisi mguu unasita katikati ya njia kwa maumivu, teremka, tembea stendi dakika kumi, fanya ngazi mara kumi, ujaribu tena. Ukisita tena, mwambie mwenzako ashike usukani au upige simu ofisini wampange mwingine.